Maelezo ya mkakati wa usalama wa moto: jengo la ofisi la ghorofa 8, linalowasilishwa kwa ajili ya kibali

Maelezo haya yanaambatana na michoro ya jengo la ofisi lenye ghorofa 8 juu ya sakafu ya chini, na maegesho ya magari chini ya ardhi. Sakafu ya ghorofa ya 8 iko mita 28.8 kutoka usawa wa ardhi. Kila ghorofa ina eneo la kazi la mita za mraba 360. Kwa kipimo cha mita za mraba 6 kwa mtu mmoja, ni watu 60. Ghorofani basi tunahesabu watu 480. Ukumbi wa mikutano wa sakafu ya chini unachukua watu 120.

Kutoka nje

King'ora kikilia, jengo zima linaondoka kwa pamoja. Ngazi ziko mbili, moja kila mwisho wa jengo, kila moja na upana wa mita 1.2. Tumepiga hesabu kana kwamba moja imeshajaa moshi na haipitiki:

P = 200w + 50(w − 0.3)(n − 1)

Kwa upana wa ngazi w = 1.2 na idadi ya ghorofa n = 8, P, yaani idadi ya watu ambao ngazi inawamudu, ni 555. Ngazi moja inatosha kuwatoa wote 480.

Kutoka meza iliyo mbali zaidi hadi mlango wa ngazi ni mita 31, chini ya kikomo cha mita 45 tulichokifuata. Mahali ambapo mtu ana upande mmoja tu wa kukimbilia, mwendo ni mita 12, na kikomo chake ni 18. Ukumbi wa mikutano una milango miwili ya milimita 1,050 inayofunguka moja kwa moja nje. Mmoja ukizibwa, mwingine unawatosha wote.

Mchoro wa kwanza uliishusha ngazi ya mashariki katikati ya mapokezi. Tuliukataa. Mtu aliyeshuka ghorofa 8 gizani hastahili kufunguliwa mlango wa moshi hatua chache kabla ya kufika nje. Sasa ngazi hiyo inatokea kwenye ushoroba wake wenye kuta za kuzuia moto, unaoishia barabarani.

Kwa wasioweza kushuka ngazi, kila kipumziko kina nafasi ya milimita 900 kwa 1,400 isiyobana njia ya wengine, pamoja na simu ya kuongea na chumba cha ulinzi. Hapo ni pa kusubiri kwa muda mfupi tu. Kuwashusha ni kazi ya wasimamizi wa jengo, kwa lifti yenye kinga na umeme wa akiba, na haingojei kufika kwa zimamoto.

Mgawanyo wa jengo

Jengo halina vinyunyizio vya maji, kwa hiyo mzigo wote uko kwenye kuta na sakafu. Nguzo, mihimili na kila sakafu vinastahimili moto kwa dakika 90, sawa na kuta za ngazi na za lifti. Kati ya ofisi na ngazi kuna chumba kidogo cha kinga, na milango yake ni ya dakika 60, inayojifunga yenyewe, yenye ufito wa kuzuia moshi pembezoni.

Tunaomba mkaguzi atazame kwa karibu zaidi mashimo ya huduma. Ukuta wa dakika 90 uliotobolewa tundu la kupitisha nyaya, likaachwa wazi nyuma ya dari, hauzuii chochote. Kila tundu litazibwa kwenye usawa wa kila sakafu, litapigwa picha na kupewa namba kabla dari haijafungwa. Kitakachoongezwa baadaye na mafundi wa mtandao kitapitia utaratibu huohuo.

Kuta za nje zina pamba ya mawe, na kila sakafu ina kizuizi kwenye uwazi ulio nyuma ya vibao vinavyofunika ukuta. Hakuna kibao chenye kiini cha plastiki. Tangu moto wa jengo la Grenfell, London, tarehe 14 Juni 2017, ulioua watu 72, hatuoni sababu ya kulijadili hilo.

Ugunduzi na tahadhari

Vigunduzi vya moshi vipo ofisini, kwenye shoroba, ngazi na vyumba vya umeme. Majiko na maegesho yana vigunduzi vya joto, ili mvuke wa chai na moshi wa magari visiwazoeshe watu kupuuza king'ora. Paneli iliyo mapokezini inaonyesha kigunduzi hasa kilichoshtuka. Hatukuweka muda wa kusubiri uthibitisho: kigunduzi kimoja kinatosha kuamsha jengo.

Sauti haitapungua desibeli 65 popote, na vyooni kuna taa za kumweka kwa wasiosikia. Papo hapo lifti za kawaida hushuka chini na kusimama, na milango iliyoshikwa kwa sumaku huachiliwa. Betri hubeba mfumo saa 24, kisha dakika 30 za kulia. Taa za dharura hudumu saa 3.

Ngazi ya magharibi ndiyo ya wazimamoto. Ina bomba kavu lenye mdomo kila ghorofa, na gari lao linaweza kusimama mita 14 kutoka lango la kujazia maji. Nafasi hiyo imechorwa kama sehemu ya barabara, wala haitahesabiwa kama maegesho.