Respiresheni ya seli: fuata hidrojeni, wachana na kaboni

Haya wanangu, Jumamosi stima ilipotea hata glaikolisisi hatujaimaliza na kwa giza lile hakuna aliyekuwa aona ubao, kwa hivyo nimekaa nikawaandikia yote hapa, mwanzo hadi mwisho. Someni polepole. Jedwali liko kule chini lakini usirukie jedwali kwanza, jedwali bila maelezo ni hamri bila mbaazi, utashiba lakini hutasikia utamu.

Tuanze na lile swali nililowauliza. Oksijeni unayovuta puani inaishia wapi? Wengi mlisema inageuka kaboni daioksaidi ndiyo tunatoa. Sio hivyo. Na msione haya, mimi mwenyewe nikiwa fom foo niliandika hivyohivyo kwa mtihani, nikapigwa mkasi mwekundu, na bado nikaenda kubishana na mwalimu. Oksijeni unayovuta inageuka MAJI. Ile kaboni daioksaidi inatoka kwa chakula chenyewe, inatolewa mapema kabla hata oksijeni haijaguswa. Ukilishika hili moja, nusu ya topiki umeimaliza.

Ikweshini mnaijua, na ATP ndiyo pesa ya nishati ambayo seli inatumia:

```
C6H12O6 + 6O2 → 6CO2 + 6H2O + nishati (ATP na joto)
```

Shida yake ni kwamba inaficha mambo. Inakuonyesha glukosi na oksijeni kana kwamba zakutana uso kwa uso zikachomana kama mkaa, na kwa kweli hazikutani hata siku moja. Kinachotoka kwa glukosi hadi kwa oksijeni ni hidrojeni, yaani elektroni na protoni zake, na zinabebwa. Wabebaji ni wawili, NAD+ na FAD. Wachukulie ni tuktuk. NAD+ ni tuktuk tupu, ikishapakia elektroni inaitwa NADH. FAD ikipakia inaitwa FADH2. Tuktuk hazijengwi mpya kila safari, zilizoko ni chache, lazima zikashushe zirudi tupu. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Glaikolisisi

Hii inafanyika kwa saitoplazimu, nje ya mitokondria, na haihitaji oksijeni. Glukosi ina kaboni 6, inapitia hatua 10, kila moja na enzaimu yake, mwisho inakatika kuwa piruveti 2 zenye kaboni 3 kila moja. Hatua zote 10 sitaki mkariri majina, sioni faida yake kwa kiwango chenu. Ninachotaka mjue ni hesabu: mwanzoni seli inatoa ATP 2 mfukoni mwake (ndiyo, inalipa kwanza, kama mama wa mboga anayenunua mzigo Kongowea alfajiri kabla hajauza hata fungu moja), baadaye inapata ATP 4. Faida ni 2. Na tuktuk 2 zimepakia, yaani NADH 2.

Mtu akikuuliza faida usiandike 4. Kila mwaka kuna wanaoandika 4.

Kabla ya kuingia Krebs

Piruveti zinaingia mitokondria, ndani kabisa kwenye matriksi. Kila moja inapoteza kaboni moja inayotoka kama CO2, inapakia NADH moja, na kinachobaki chenye kaboni 2 kinashikana na koenzaimu A, kinaitwa asetili koenzaimu A. Piruveti ni 2 kwa hivyo zidisha mbili kila kitu. Hapa hakuna ATP. Tupite.

Mzunguko wa Krebs

Umepewa jina la Hans Krebs, Mjerumani aliyefutwa kazi 1933 Wanazi walipoingia kwa sababu alikuwa Myahudi, akahamia Uingereza, na 1937 akiwa Sheffield ndiyo akaupanga huu mzunguko. Tuzo ya Nobeli akaipata 1953.

Kwa nini mzunguko? Asetili yenye kaboni 2 inajiunga na oksaloasetati yenye kaboni 4, wanakuwa sitreti yenye kaboni 6 (ni ileile asidi iliyoko kwa ndimu, ndiyo maana vitabu vingine vinauita mzunguko wa asidi sitriki). Halafu njiani kaboni 2 zinatoka kama CO2, tuktuk zinapakiwa, mwisho oksaloasetati inarudi ilivyokuwa tayari kumpokea mgeni mwengine. Mzunguko mmoja unatoa CO2 2, NADH 3, FADH2 1 na ATP 1. Glukosi moja inazungusha mara mbili, hivyo zidisha.

Sasa simama hapa uhesabu. CO2 zimetoka 2 kule mwanzo na 4 hapa, jumla 6, yaani kaboni zote sita za glukosi zishaondoka. Glukosi imekwisha kabisa! Na ATP tulizopata mpaka sasa ni ngapi? 4 tu. Mtu aliyekuwa akifuata kaboni atasema kazi imeisha na tumepata hasara. Lakini mtu aliyekuwa akifuata hidrojeni ataona kuna NADH 10 na FADH2 2 zimeegeshwa zimejaa, na pesa yote iko humo.

Mnyororo wa elektroni

Hapa ndiyo patamu, nipeni dakika zenu.

Mitokondria ina tando mbili, wa nje na wa ndani, na ule wa ndani umekunjwakunjwa ili nafasi iwe kubwa, mikunjo inaitwa kristae. Kwenye utando wa ndani kumepandwa protini kubwa nne, tuziite namba I, II, III na IV. NADH inashusha elektroni zake kwa namba I, FADH2 inashusha kwa namba II. Elektroni zinapokezanwa hadi III kisha IV, na kila zikishuka zinapoteza nishati kidogo. Hiyo nishati inatumiwa na namba I, III na IV kusukuma protoni (H+) kutoka matriksi kuzipeleka kwenye ule uwazi mwembamba kati ya tando mbili. Namba II haisukumi kitu.

Sasa fikiria Likoni feri saa kumi na mbili jioni upande wa kisiwani. Watu wamejaa wanataka kuvuka kwenda nyumbani, wanasukumana, joto, mama na mtoto mgongoni, kijana na baiskeli, na geti limefungwa. Ule msukumo wote ni nishati iliyowekwa. Protoni ziko vivyo hivyo, zimebanana upande mmoja, zinataka kurudi matriksi lakini utando hauzipitishi. Mlango ni mmoja, enzaimu inaitwa ATP sinthesi. Protoni zikipita pale enzaimu inazunguka kweli kweli, si mfano wa maneno, kuna sehemu yake inayozunguka kama rota, na kule kuzunguka ndiko kunakounganisha ADP na fosfeti kuwa ATP. Wazo la protoni kubanwa alilitoa Peter Mitchell 1961, na kwa miaka wataalamu wengi hawakulikubali. Nobeli alipewa 1978.

Na oksijeni? Iko mwisho kabisa wa laini, baada ya namba IV. Kazi yake ni kupokea elektroni zilizochoka, inazichukua pamoja na protoni inakuwa maji:

```
O2 + 4e- + 4H+ → 2H2O
```

Ni hiyo tu kazi yake. Lakini isipokuwepo, elektroni za IV hazina pa kwenda, za III zinakwama nyuma yake, mpaka NADH inafika namba I haiwezi kushusha, tuktuk zote zimejaa hakuna tupu, na Krebs inasimama ingawa Krebs yenyewe oksijeni haiigusi. Jam ya mwisho wa barabara inakukuta ungali kwenu.

Hesabu: 38 au 32?

NADH moja inasukuma protoni 10, FADH2 inasukuma 6 kwa vile iliiruka namba I. ATP moja inagharimu protoni 4. Kwa hivyo NADH = 2.5, FADH2 = 1.5. NADH 10 ni 25, FADH2 2 ni 3, ongeza zile 4, jumla 32. Kuna seli ambazo NADH za glaikolisisi zinaingia mitokondria kwa njia ya hasara kidogo, hapo inakuwa 30. Vitabu vya zamani vilihesabu 3 na 2, ndiyo wakapata 38. Kwa mtihani fuata kitabu chenu cha darasani, lakini ujue 38 imetoka wapi.

| | Glaikolisisi | Piruveti kuwa asetili koenzaimu A | Mzunguko wa Krebs | Mnyororo wa elektroni |
|---|---|---|---|---|
| Wapi | Saitoplazimu | Matriksi | Matriksi | Utando wa ndani wa mitokondria |
| Kinachoingia | Glukosi 1 | Piruveti 2 | Asetili koenzaimu A 2 | NADH 10, FADH2 2, oksijeni |
| Kinachotoka | Piruveti 2 | Asetili koenzaimu A 2 | Oksaloasetati inarudi | Maji, NAD+ na FAD tupu |
| CO2 | 0 | 2 | 4 | 0 |
| NADH | 2 | 2 | 6 | zinatumika |
| FADH2 | 0 | 0 | 2 | zinatumika |
| ATP (faida) | 2 | 0 | 2 | kama 28 |
| Yatumia oksijeni yenyewe? | Hapana | Hapana | Hapana | Ndiyo |
| Oksijeni ikikosa | Yaendelea kwa msaada wa uchachu | Yasimama | Yasimama | Yasimama |

Hesabu zote ni za glukosi moja.

Huo uchachu ni nini

Bila oksijeni seli inabaki na glaikolisisi peke yake, lakini hata hiyo inataka NAD+ tupu. Basi seli inatafuta pa kumwaga hidrojeni. Misuli yako ukikimbia sana inazimwagia piruveti, inakuwa laktiki. Hamira inatoa CO2 kwanza halafu inamwaga, inakuwa alkoholi. Mama akikanda unga wa mahamri usiku akaufunika kitambaa, asubuhi umeumuka umejaa beseni na ukiukata ndani una vitundu, ile ni CO2 ya hamira. Alkoholi kidogo iliyomo inaruka kwa mafuta ya moto. Tembo la mnazi ni mambo hayohayo ila pale alkoholi inabaki. ATP ni 2 tu kwa glukosi, msifikiri uchachu unaongeza nyingine, kazi yake ni kurudisha tuktuk tupu basi.

Chembe nyekundu za damu hazina mitokondria hata moja, zinaishi kwa ATP 2 hizohizo maisha yao yote, na zimebeba oksijeni mgongoni wasiyoitumia. Nikifikiria naona kama wale vijana wa kupakua samaki wanaokula sukuma wiki.

Swali la kuja nalo Jumamosi, nataka liwe limeandikwa. Muhogo mchungu usipoandaliwa vizuri una sianidi, na sianidi inaziba ile protini namba IV. Mtu aliyeathirika anapumua, na damu yake imejaa oksijeni, lakini seli zake zinakosa ATP. Elezeni kwa nini, mkianzia namba IV mkirudi nyuma mpaka glaikolisisi, na mseme maji yanaendelea kutengenezwa ama la.