Yah: Malalamiko kuhusu gunia la mchele, Mbeya hadi Dar es Salaam

Ndugu mteja,

Tumepokea malalamiko yako leo Jumatatu saa 3 asubuhi, pamoja na picha za gunia na nakala ya risiti. Pole kwa usumbufu, hasa kwa kuwa mchele ni wa shughuli ya Jumamosi.

Risiti inasema kilo 100, wewe umepima 82. Bado hatujaangalia daftari la mizigo la Mbeya wala kuzungumza na kondakta, kwa hiyo hatuwezi kusema sasa upungufu umetokea wapi. Tutakupigia Alhamisi kabla ya saa 10 jioni, hata kama uchunguzi haujakamilika. Tafadhali usitupe gunia wala kamba yake.

Msimamizi wa Mizigo