Hotuba ya kumuaga Mzee Masanja, mkaguzi wa mapokezi ya samaki

Ndugu Mkurugenzi, viongozi wa chama chetu cha wafanyakazi, Mama Kulwa na familia yote iliyotoka Busisi, wafanyakazi wenzangu. Mwadila!

Nimeambiwa nina dakika tano. Mzee Masanja alinionya jana nisizidishe, na ninyi mnajua akishasema neno huwa harudii.

Aliingia kiwandani mwaka 1993, kibarua wa kushusha trei za sangara kwenye magari. Leo anatoka akiwa na miaka 60, mkaguzi mkuu wa mapokezi. Katikati hapo kuna mwaka 1999, ambao vijana wengi humu ndani mmeusikia tu. Ulaya ilifunga soko kwa samaki wa ziwa letu baada ya habari za uvuvi wa sumu, na huku Mwanza watu wakarudishwa makwao. Yeye alibaki na wachache kulinda mitambo. Ameniambia siku zile alikuwa akifagia sakafu ya mapokezi kila asubuhi ingawa hakuna hata dagaa mmoja aliyeletwa. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Gari likija likute pasafi."

Sasa niseme langu, maana nimelibeba muda mrefu.

Mimi nilifika hapa 2011, binti wa miaka 27, shahada bado inanukia wino. Wiki ya tatu nikaachiwa zamu ya usiku. Saa kumi alfajiri likaingia gari lenye tani nne kutoka visiwani. Kontena linasubiri, oda ina upungufu, na simu yangu haiachi kuita. Nikasema, shusheni.

Mzee akapanda garini na tochi. Akafunua shavu la samaki wa kwanza, akalinusa. Akabonyeza mgongo kwa dole gumba, akasubiri. Kishimo kikabaki pale pale, nyama haikurudi. Akachomeka kipimajoto kwenye mnofu mnene: nyuzi 9, wakati sisi hatupokei zaidi ya 4. Akarudia kwa samaki wengine sita, kutoka chini, katikati na juu ya mzigo. Mimi nimesimama pembeni nahesabu dakika.

Nikamwambia, "Pokea tu Mzee, tutaongeza barafu."

Akafuta kipimajoto taratibu, akanitazama. "Barafu haimfufui samaki, mwanangu." Kisha akaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: IMEKATALIWA. Gari likageuzwa.

Nilikasirika, ndugu zangu. Asubuhi ile ile nilimwandikia barua ya onyo kwa kukaidi agizo. Aliisoma, akaisaini, akaniuliza kama nimekunywa chai. Jioni dereva wa lile gari akakiri kwamba barafu ilimwishia siku moja kabla hajapanda kivuko. Mzee hakuwahi kunikumbusha. Nami, kwa aibu, sikuwahi kuifuta ile barua. Imekaa kwenye faili lake miaka 14, karatasi pekee ya namna hiyo katika utumishi wa miaka 32.

Sitataja mengine mengi. Rula yake mnaifahamu, ile ya mbao aliyoichonga mwenyewe, yenye alama ya sentimita 50. Sangara mchanga hakupita, hata aletwe na shemeji yake. (Na aliwahi kuletwa na shemeji yake. Yupo hapa, anacheka.) Kuhusu mabondo, bei yake mnaijua na vishawishi vyake mnavijua. Miaka yote aliyoshika ufunguo wa chumba kile, hesabu ya jioni ililingana na ya asubuhi.

Mama Kulwa, kwako tunaomba radhi. Kila Ijumaa mumeo alikuwa akikimbizana na kivuko cha Kigongo, na magari yakichelewa kushusha, alilala hapa kwenye viti vya mapokezi. Mwezi Juni mwaka huu, 2025, daraja limefunguliwa, Kigongo hadi Busisi ni dakika chache tu. Limekamilika wakati yeye hana tena haja ya kwenda na kurudi! Basi litumieni kuja kututembelea.

Mwajuma na Petro, ninyi ndio mnaopokea tochi kuanzia Jumatatu. Nitawapigia simu alfajiri nikiwa na haraka. Mkiniambia hapana, nitanuna kidogo, lakini gari litageuzwa.

Wafanyakazi tumechanga, tumempatia mabati 40 ya geji 28 ya nyumba ya Busisi, na kiwanda kimeongeza ng'ombe wawili. Vipo nje, mabati yamefunikwa turubai, ng'ombe mmewasikia wenyewe.

Mzee Masanja, njoo mbele, na Mama aje nawe. Hiki ni kipimajoto chako, hatukiingizi tena stoo. Na hii ni ile barua. Nimeitoa kwenye faili leo asubuhi kwa idhini ya Mkurugenzi, na nimeandika juu yake kwa kalamu nyekundu: IMEKATALIWA. Nimesaini.

Wabeja sana, Baba.