Maoni kuhusu rasimu ya mwongozo wa kusahihisha insha, Kidato cha Tatu

Kwa Mkuu wa Idara ya Kiswahili,

Nimeupitia mwongozo wa insha ya alama 20 (Maudhui 8, Mtiririko 3, Lugha 5, Mtindo 4). Usitumike kwenye mtihani wa mwisho wa muhula kabla ya kurekebishwa.

Tatizo kubwa liko kati ya Lugha na Mtindo. Lugha inadai "lugha sanifu yenye mvuto", Mtindo unadai "matumizi bora ya lugha". Kosa moja linaadhibiwa mara mbili, na methali moja inaweza kulipwa mara mbili. Walimu watatu tulisahihisha insha sita zile zile, kila mtu peke yake, bila kuandika alama kwenye karatasi. Insha ya nne, kuhusu ajali za barabarani, ilipata 14, 9 na 11. Maudhui tulitoa 5, 5 na 4. Mtiririko 2 sote. Tulipoachana ni Lugha (4, 1, 3) na Mtindo (3, 1, 2). Mwanafunzi aliandika "ajari" mara saba. Aliyetoa 9 alihesabu makosa saba, kisha akakata tena kwenye Mtindo. Aliyetoa 14 alihesabu kosa moja. Mwongozo hausemi nani yuko sahihi, na mtoto ndiye anayeumia.

Napendekeza Lugha ibaki na sarufi, tahajia na uakifishaji pekee, na neno lile lile likikosewa tena lihesabiwe mara moja. Mtindo ubebe msamiati, methali, nahau na tamathali zinazofaa mada. Methali iliyobandikwa tu isilipwe.

Maudhui yana maneno yasiyopimika: "hoja nzuri", "za kutosha kiasi". Badala yake: hoja nane, kila moja alama 1 ikiwa imetajwa na kufafanuliwa kwa sababu au mfano, iliyotajwa tu, nusu alama, iliyorudiwa kwa maneno mengine, sufuri. "Hoja zimepangwa vizuri" iondolewe hapo, kwa kuwa Mtiririko tayari unapima mpangilio wa aya.

Viwango vya Maudhui navyo vinagongana: 1–3, 3–5, 5–8. Insha ya alama 3 iko dhaifu au wastani? Kwa hesabu ya hoja havihitajiki tena, vifutwe.

Pia hakuna kanuni ya insha iliyotoka nje ya mada. Kwa sasa yenye Kiswahili safi inaweza kuzoa 12 bila kujibu swali. Iwekwe wazi: Maudhui ikiwa sufuri, jumla isizidi 4.

Baada ya marekebisho tusahihishe insha nyingine sita, za mikondo yote, zikiwemo mbili dhaifu. Tofauti ikizidi alama 2 kwa insha yoyote, tutafute kigezo kilichotutenga na kukiandika upya. Tusichukue wastani wa alama zetu, maana wastani utaficha kasoro ya mwongozo. Insha tatu tutakazokubaliana zitolewe nakala, kila msahihishaji aanze nazo kabla ya kushika bunda lake.

Mwalimu wa Kiswahili, Kidato cha Tatu