Mapigo ya siku njema: mazungumzo na majirani wa Manyatta, Kisumu

Majirani, hamjambo. Wazee wetu, asanteni kwa kutoka kwenye jua hili. Mama zangu mliofunga vibanda mapema, najua jioni ndiyo saa ya kuuza, kwa hiyo sitawachosha. Nanyi vijana wa boda pale nyuma, sogeeni karibu. Nawahitaji leo kuliko mnavyodhani.

Wengi mnanijua. Mimi ndiye mhudumu wa afya ya jamii ninayepita kwenye nyumba zenu na mkoba, napima presha, napima sukari, nauliza mtoto amechanjwa au bado. Leo sikuja na mashine. Leo nataka kila mmoja arudi nyumbani akijua kupima mapigo ya moyo kwa vidole vyake mwenyewe.

Kabla sijawa mhudumu, nilifiwa na kaka yangu mkubwa. Aliingia nyumbani usiku akisema ni gesi. Kifua kilikuwa kizito, kama mtu aliyewekewa gunia juu yake, na shati lilikuwa limelowa jasho ilhali hakukuwa na joto. Tulimpa dawa ya gesi na maji ya vuguvugu. Nilimshika mkono, nikahisi mshipa unakimbia, halafu unakosa, halafu unakimbia tena. Nikamwambia mama, "Moyo wake unakwenda mbio." Mama akaniuliza, "Kwani kwa kawaida huwa unakwendaje?" Sikuwa na jibu. Tumekua pamoja, tumekula sahani moja, na sikuwahi kushika mshipa wake siku ambayo alikuwa mzima. Tukasema tungoje kupambazuke. Hakufika hospitali.

Kifua kile na jasho lile vingetosha kutuamsha, hata bila mapigo. Nitarudi hapo. Lakini swali la mama halijawahi kunitoka. Ndiyo maana nawaomba mjue mapigo ya watu wenu siku wanapokuwa wazima, ili siku yakibadilika mtambue.

Haya, tuanze. Atakayepimwa aketi atulie dakika tano. Ukitoka kuteka maji, au kupandisha mlima na mtungi, au ukitoka kunywa kahawa au kuvuta sigara, moyo bado una haraka. Utaandika namba ambayo si yako.

Geuza kiganja kitazame juu. Fuata kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hapo chini ya gumba kuna mfupa, na ndani kidogo kuna kano ngumu iliyonyooka kama kamba. Kati ya mfupa na hiyo kamba kuna kibonde laini. Weka hapo vidole viwili, cha shahada na cha kati. Usitumie gumba lako, kwa sababu gumba lina mapigo yake na utajikuta unajihesabu mwenyewe. Bonyeza polepole. Ukikandamiza sana unaziba mshipa, ukigusa juu juu huhisi kitu. Mama pale mbele anatikisa kichwa, hajaupata. Usijali, mama. Sogeza vidole kidogo upande wa gumba. Umeupata? Umeona uso wake, majirani.

Sasa tazama saa. Hata simu ya kabambe ina saa. Hesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha mara mbili. Ukipata 38, hiyo ni 76 kwa dakika. Mapigo yakiwa hayana mpangilio, usifupishe, hesabu dakika nzima.

Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Kijana anayekimbia kila asubuhi anaweza kuwa na 50 na akawa salama kabisa. Dawa nyingine za presha hupunguza mapigo, kwa hiyo mzee anayezitumia asishtuke akipata namba ya chini, ila amwambie daktari. Homa huyapandisha. Mama mjamzito huenda haraka kidogo kuliko zamani. Mtoto mchanga anaweza kupita 140 na akawa hana shida yoyote, kwa hiyo usimpime mtoto kwa kipimo cha baba yake.

Pamoja na hesabu, sikiliza mwendo. Mnaijua ngoma ya ohangla: mpigaji akikosea, hata asiyecheza anajua. Moyo nao ni hivyo. Kuruka pigo moja mara moja moja huwatokea wengi na mara nyingi si neno. Lakini mapigo yakiwa hovyo muda wote, hili la haraka, lile la polepole, bila mpango wowote, mtu huyo aende kituoni apimwe moyo, hata kama anasema yuko sawa. Moyo unaopiga hivyo unaweza kugandisha damu ndani yake, na bonge hilo likapanda kichwani likaleta kiharusi. Angalia pia nguvu. Mshipa unaokimbia lakini unahisi kama uzi mwembamba, na ngozi ni baridi na imelowa, huo ni mwili unaoishiwa damu au maji. Huyo hangojwi.

Mtu ametulia, ukampima, akapita 100. Mpe dakika kumi, mpime tena. Ikibaki juu bila sababu unayoiona, aende kituoni. Ikipita 120, au ikishuka chini ya 50 naye si mzoefu wa hivyo, pamoja na kizunguzungu, kuzirai, kifua kubana au pumzi kukata, hiyo ni safari ya sasa hivi.

Kuna jambo ambalo watu wengi hulichanganya: mapigo si presha. Unaweza kuwa na mapigo 72 mazuri kabisa na presha iko juu ya paa. Vidole havipimi presha. Kwa hiyo asije mtu akaacha dawa kwa sababu jirani amemshika mkono akamwambia yuko salama. Nikisikia hivyo, nitakuja kwako mimi mwenyewe.

Sasa dalili ambazo hazisubiri hesabu.

Kifua kinachobana au kulemea, maumivu yanayokwenda kwenye mkono, shingo, taya au mgongo, jasho baridi, kichefuchefu. Wanawake na wagonjwa wa sukari wakati mwingine hawaumwi kifua hata kidogo. Wanachoka ghafla, wanakosa pumzi, wanahisi tumbo limejaa. Ndiyo maana neno "gesi" linaniogopesha. Gesi ipo, lakini gesi yenye jasho baridi ipelekwe hospitali ikaitwe gesi huko.

Kiharusi: mwambie atabasamu, uone kama upande mmoja wa uso umelegea. Mwambie anyanyue mikono yote miwili, uone kama mmoja unashuka. Mwambie aseme jina lake, usikie kama ulimi umekuwa mzito. Moja tu kati ya hayo likionekana ghafla, ondokeni, na mtazame saa mlipoanza kuliona. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na baada ya kupigwa picha ya kichwa. Najua wengine watasema ametupiwa kitu. Sitagombana na mzee yeyote hapa kuhusu hilo. Ninachoomba ni hospitali kwanza, mengine yafuate.

Mama aliyejifungua, hata kama ni wiki moja imepita, akilowesha kitambaa baada ya kitambaa na mapigo yanakimbia, msisubiri mama mkwe afike. Mjamzito anayeumwa kichwa vikali, anaona ukungu, uso na mikono imevimba, naye ni hivyo hivyo.

Mtoto chini ya miaka mitano, mwacheni mshipa, tazameni kifua. Inua nguo, akiwa ametulia hanyonyi wala halii, uhesabu pumzi dakika nzima. Wa miezi miwili mpaka asitimize mwaka, pumzi 50 au zaidi ni haraka mno. Wa mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Aliye chini ya miezi miwili, 60. Kifua kikiingia ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, au akiwa hawezi kunyonya, au akitapika kila kitu, au akipata degedege, beba mtoto. Na nyumba zenye watoto wa selimundu, huku kwetu ziko nyingi, homa au macho na viganja kuwa vyeupe ghafla si jambo la kulala nalo.

Mtu akianguka hasemi, haitiki ukimtikisa, na hapumui, au anakoroma kama anayetafuta hewa, hapo sahau mshipa. Nimewafundisha kuutafuta, lakini hapo msiutafute. Unakula muda, na hata waliosomea hukosea. Mmoja aite msaada, mwingine apige magoti, aweke kisigino cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, mikono iwe imenyooka, abonyeze kwa nguvu kina cha sentimita 5 hivi, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika. Aache kifua kipande kila mara. Akichoka, mwenzake ashike. Na mtu asiyejitambua, tafadhali, asimiminiwe maji wala soda mdomoni. Yataingia kwenye mapafu.

Vijana wa boda, sasa zamu yenu. Mgonjwa wa kiharusi au aliyezirai hakai kwenye pikipiki, ataanguka. Tafuteni tuktuk alazwe ubavu, nanyi mtangulie kufungua njia. Mkisikia kifua kinauma, msimpitishe kwenye duka la dawa kwanza. Moja kwa moja Hospitali ya Jaramogi, ile wazee wanayoiita Rasha, au ile ya rufaa ya kaunti, ipi iliyo karibu. Simu za dharura ni 999 na 112. Lakini nawaomba pia kila ploti iwe na namba ya mwenye tuktuk mmoja anayelala hapa hapa na anayekubali kuamshwa. Iandikeni mlangoni kwa chaki.

Na chini ya hiyo namba, andikeni majina ya watu wa nyumba na mapigo yao. Baba 68. Mama 74. Dani 80. Pimeni asubuhi tatu kabla ya mtu kutoka kitandani, mchukue ile inayojirudia. Wiki ijayo nitapita kusoma milango.

Sasa geuka kwa jirani yako. Usichague mke wala rafiki, chukua aliyekaa karibu. Mzee, mpe huyo kijana mkono wako. Tulieni. Msiongee. Mshipa mmeupata? Nyoosha mkono kama bado, nije. Mimi nina saa. Nikisema sasa, mnaanza kuhesabu, nikisema basi, mnaacha.

Sasa.