Komande ya Kwanza ya Mama Feza

Saiti ya internete ya mushonaji Mama Feza ilifunguliwa siku ya kwanza asubui, na kufika mangaribi mugini muzima ulikuwa unajua, hata bale bankambo benye hawajashika telefone ya kugusa hata siku moja. Mugini wenyewe ni wa njia ya Kipushi, unaacha njia kubwa unaingia mu vumbi nyekundu, unapita bichuguu birefu kupita nyumba za batu, kisha unasikia mashini ya miguu inalia, basi umefika.

Mwenye kuitengeneza ni Ilunga, mutoto wa dada yake, anasoma ku iniversite ya Lubumbashi. Alikuya na kompyuta mu kibegi, akatundika manguo ku kamba, akapiga picha, kisha akakaa usiku kuzipunguza uzito juu picha moja ya telefone ilikuwa mega 4 na kwa rezo ya huku hiyo mutu anaifungua asubui inamalizika saa sita. Akazishusha paka kilobaiti 150. Picha ya tatu, ile ya libaya na sketi yenye zipu ku mugongo, ilitoka muzuri kupita zote, ila nyuma yake mbuzi ya Papa Mutombo inaonekana kichwa na pembe.

Papa Mutombo akakuya kuuliza kama mbuzi yake italipwa.

"Na hao bakiliya, Mama Feza, bataingilia wapi? Mulango ya mbele ao ya nyuma?"

"Batapita mu telefone, Papa."

"Aa. Basi benyewe hawatakula bukari hapa."

Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya pili Ilunga akapanda juu ya kichuguu cha nyuma ya kanisa, pale njo rezo inashikaka, akaangalia: batu kumi na kitu balitembelea saiti, na kwa sauti yake ungejua ni yeye mwenyewe na barafiki zake ba iniversite. Mama Feza hakusema kitu, aliendelea kutia kiraka ku suruali ya mutu wa makala, hiyo kazi haina picha lakini njo inalipaka chumvi na sabuni.

Siku ya tatu asubui na mapema, baridi ya mwezi wa sita imeshika mikono, Ilunga alishuka ku kichuguu mbio paka akapoteza kandambili moja. Alisoma mbele ya batu bote, hata bale balikuya tu kuomba moto:

Jina: Bupe
Niko: Kitwe, Zambia
Nataka: libaya na sketi kama picha ya 3
Kitenge: buluu na njano
Kifua 40, kiuno 34, makalio 44, urefu wa sketi 41
Lini: siku ya posho asubui, ndoa iko Lubumbashi. Mupatie dada yangu ku Katuba.

Kwanza batu balipiga makofi, kisha Mama Feza akasema, soma tena kiuno.

"34."

"Mwana wangu, kiuno 34 ni mutoto wa kutambaa. Huyu anaolewa wapi?"

Kila mutu akatoa yake. Mumoja akasema ni batu ba mutandao banacheka nasi, mwingine akasema pengine ni nguo ya mwanasesere. Mama Feza yeye alitoa metre yake ku shingo. Hiyo metre anayo tangu angali kijana, upande wa sentimetre namba zimefutika kwa kidole gumba, pa 90 na pa 100 hakuna tena wino, anapajua kwa kugusa tu. Akaigeuza. Upande wa pili rangi ingali mupya kabisa, namba nyeusi ta ta ta, juu hakuna siku aliitumia. Akaweka ukucha pa 34, akageuza tena: 86. Pa 40: 101 na nusu. Pa 44: karibu 112.

"Ni mama muzima," alisema. "Na mwili iko. Ku Zambia banapimaka na inchi, nilikuwa nasikia tu."

Ilunga alitaka aanze kukata palepale, siku zilikuwa zinakimbia. Mama Feza akakataa, kwanza nusu ya franka ifike. Ku saiti Ilunga alikuwa ameandika "lipa ukipokea", aliona ku saiti za bengine, na Mama Feza akamwambia aondoe hayo maneno mbele ya jua kuzama, juu mutu akibadilisha akili yake nani atavaa libaya yenye mwili wa mwingine? Bei ilikuwa dola 40 na kitenge ndani. Dada ya Katuba akatuma 20 na Airtel Money, saa sita ikaingia.

Halafu Mama Feza akaomba namba ya telefone ya Bupe. Hapa njo mimi naona kazi ilianzia, haikuanza na saiti. Mama Feza miaka yote anashona kwa jicho, mukiliya anaingia, anakaa, anaomba mayi ya kunywa, na mbele ya metre kutoka ku shingo ameshaona bega moja iko chini ya ingine, ameona kama anatembea na haraka, kama anakula muzuri. Sasa huyu wa Kitwe alikuya na namba ine tu. Hana bega, hana mwendo, hana hata sauti. Alivyopanda kichuguu na pane yake imefungwa ku kiuno, Ilunga nyuma anamushika mukono, banamuangalia kama anaenda kuhubiri.

"Mama Bupe, mbote. Ni mimi mushonaji, Mama Feza. Nani alikupima?"

"Ni bwana yangu, Mama."

"Ulikuwa umevaa nini?"

"Eeh... paka triko. Huku baridi."

Mama Feza akafunika telefone na kiganja: "Triko! Na mwanaume anashika metre kama anafunga mbuzi ao anaiachaka inaningʼinia, moja kati ya hizo." Kisha akamwambia Bupe avue triko, achukue kamba ya kawaida, apite chini ya makwapa, avute kidogo tu, akate, aweke ku rula ya mutoto. Kifua ikashuka paka 39. Kiuno ilibaki. Akauliza mukono wa juu ni munene? Unabebaka sakosi ku bega gani? Ku ndoa utakaa ao utacheza? Bupe alikuwa anacheka lakini anajibu yote, na katikati ya kujibu mutoto akalia mu simu, karibu karibu, pa kifua kabisa.

"Huyo ni nani?"

"Ni wangu, Mama. Miezi mitano."

"Ananyonya?"

"Ananyonya kabisa, usiku na mchana."

"Na uliomba zipu ku mugongo!"

Kimya. Ilunga alifikiri rezo imekata. Kisha Bupe akasema pole pole, "Iyo. Sikuwaza."

Siku muzima ya ndoa, kuanzia kanisa paka usiku, na kila mara mutoto akilia mama aingie mu chumba ya bengine kuomba mutu amufungulie mugongo. Pa mulango Mama Feza angeuliza hilo neno la kwanza, juu mama anayenyonyesha hafichiki, anaingia na mutoto mukononi ao na kitambaa ku bega. Mu fomu ya Ilunga hakukuwa hata mahali pa kuandika mutoto.

Basi bakakubaliana: mbele ifunguke, bitufe sita bya kufunikwa na kitenge yenyewe, na juu yake mukunjo ya kuanguka ili isionekane kama nguo ya kazi. Tena Mama Feza akaacha sentimetre 3 za ziada kila ubavu mu mushono, juu kifua ya munyonyeshaji asubui si ile ya mangaribi.

Kitenge ilitoka soko ya Kenya, ile komini ya Lubumbashi, dola 15 kwa yadi 6. Siku ya ine akaloweka na chumvi, akaanika, akapiga pasi ya makala, akakata. Kukata kwenyewe hakukuchukua muda, alikata kama mutu anafungua barua. Bitufe njo bilikula usiku: kila kimoja kiduara cha kitambaa kidogo kama mfuniko wa chupa, uzi unazunguka ukingo, unavuta, unakaza, unapiga mushono tano nyuma, na ua la njano likae katikati ya kitufe, bote sita sawasawa. Cha ine ua lilikimbilia pembeni akafumua. Pano ya solere ilikuwa imechoka, Ilunga akamushikia telefone amulike, na alipoanza kusinzia mwangaza ukashuka ku magoti, Mama Feza akamupiga na metre.

Siku ya tano mangaribi ikawa tayari. Yadi 2 zilibaki. Banajua batu bote vile bashonaji banafanyaka na mabaki, na sitasema zaidi, mimi pia niko na bandugu bashonaji. Mama Feza alizikunja akaweka mu plastiki pamoja na nguo, za kubebea mutoto, zifanane na mama yake.

Siku ya posho Ilunga akapanda taksi-busi ya kwanza na kolisi ku magoti, Katuba kabla ya saa mbili, dada akatoa 20 ingine bila kubishana. Kisha kimya. Mama Feza alifagia lupango mara nyingi kupita vile ilihitaji, akamutuma mutoto wa jirani juu ya kichuguu na telefone, mutoto akarudi na bei ya muhogo ya Kipushi tu.

Siku ya yenga baada ya kanisa picha ikaingia. Bupe amesimama na bengine, buluu na njano, mutoto ku mugongo na kitenge ileile. Chini aliandika: "Mama, nilikaa na batu siku muzima sikuingia chumba hata mara moja. Mukono ya kuume inabana kidogo."

"Ni ya kubeba mutoto hiyo," Mama Feza alisema, akachukua kalamu, akaandika ku kartoni yenye vipimo vya Bupe: mukono ya kuume, ongeza 2. Hakurudi ku yale maneno ya sifa.

Na komande ya pili iliingia mangaribi ileile, mama mwingine wa ndoa, wa Lubumbashi mwenyewe. Kifua, kiuno, makalio, namba tupu. Mama Feza akamuita Ilunga.

"Fungua ile fomu. Ongeza: unapima na sentimetre ao inchi. Ongeza: nani alikupima. Ongeza: unanyonyesha?"

Ilunga akaangalia chini. "Tantine, hiyo ya mwisho... tuweke 'uko na mutoto mudogo?'. Ni internete, banaume pia bataagiza mashati."

"Mutoto mudogo wa miaka mitatu anafungulia nani nguo? Andika vile nimesema."

"Na banaume?"

"Mwanaume ataandika hapana. Inamuuma wapi?"

Akaandika. Papa Mutombo, alikuwa amekuya tena kwa mambo ya mbuzi, akauliza kama pale chini kungali nafasi ya kutangaza ile mbuzi, juu sasa inajulikana paka Kitwe.