Kidole cha Kitchener: bango la 1914 linamwambia nani?

Nilibandika ubaoni hili bango la Lord Kitchener, lile la Uingereza la kuita watu jeshini kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na vijana wangu wa kidato cha tatu hapa Dodoma wakasema jambo moja karibu wote, "mwalimu, huyu mzee ananinyooshea kidole mimi". Na kweli, kaa dirishani au kaa mlangoni kidole kinakufuata, maana mchoraji Alfred Leete kamchora anakutazama usoni kabisa na mkono umekuja mbele mpaka huuoni urefu wake, unaona kidole tu na jicho.

Sasa angalia kilichoachwa. Ni bango la vita ila vita haimo, hakuna bunduki wala handaki wala maiti, nyuma ni peupe. Kuna kofia ya kijeshi, masharubu manene na mkono, basi. Maneno nayo ni machache: juu kabisa "Waingereza", halafu ile sura, halafu "anakutaka wewe". Jina lake halijaandikwa! Sura ndo imekaa pale jina lingekaa, yaani ili sentensi ikamilike lazima umtazame, na kila mtu kule alishamjua kwa vita vya Sudani, tena Agosti 1914 ndo kwanza kafanywa Waziri wa Vita. Halafu kuna kitu nakipenda sana hapa, Kiingereza kinatumia neno moja kwa wewe na kwa ninyi, kwa hiyo kidole ndo kinachoamua kwamba ni wewe, peke yako, hapo uliposimama. Chini wameweka jiunge na jeshi la nchi yako na Mungu amlinde Mfalme, hayo ya kawaida.

Walengwa ni vijana wa kiume wa Uingereza wanaopita barabarani. Mpaka Januari 1916 Uingereza haikuwa na sheria ya kulazimisha watu jeshini, ilibidi wabembelezwe, waonewe haya na majirani. Ndo maana bango halitaji mshahara wala halielezi vita ni ya nini.

Hapo binti mmoja wa nyuma akauliza, mwalimu, na wapagazi wa vita hiyo huku kwetu, bango lao lilikuwaje? Swali zuri mno. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na kabla yao walikuwepo Wajerumani, wote wakichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo na kuwakamata wanaume wabebe mizigo, mvua nazo zikagoma, ikaja ile njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920 ambayo wazee wa hapa bado wanaitaja kwa jina. Mpagazi hakuonyeshwa kidole kwenye karatasi, alishikwa mkono akapelekwa. Anayebandikiwa bango ni yule anayeweza kukataa.

Nimewaambia hilo swali waliandike kwenye kipengele cha walengwa, na jibu lake litakuwa na maksi zake.